Chupa ya chai ibebe maji, si uji wa mtoto

Wazazi wenzangu, na nanyi bibi na dada mnaobaki na watoto nyumbani, naomba tuiangalie upya chupa ya chai. Mtoto wa miezi minane anaharisha, anapona, kisha baada ya wiki mbili anaharisha tena. Nyumbani watasema anaota meno. Kabla ya kuyasingizia meno, ufuatilieni uji wake tangu alfajiri.

Mama ameupika saa kumi na mbili, akaumimina kwenye chupa ya chai, akawahi sokoni. Mtoto atalishwa saa mbili, saa sita na saa kumi. Moto uliua vijidudu vingi, lakini vipo ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka, na vingine huingia na kikombe au mikono. Kila kifuniko kikifunguliwa joto hupungua, na uji ukishakuwa vuguvugu vijidudu huongezeka upesi. Huenda usichache wala usinuke, ndiyo maana mlezi hashtuki. Kuupasha moto hakuuokoi, kwani baadhi ya vijidudu huacha sumu isiyoharibiwa na moto.

Kwa hiyo mama amwachie dada unga, si uji. Uji wa kikombe kimoja huiva haraka kwa mkaa kidogo. Mtoto aule kabla ya saa mbili kupita tangu uive. Unaobaki wanywe wakubwa papo hapo.

Chupa ya chai itafaa zaidi kubeba maji ya moto, hasa kwa mtoto anayetumia maziwa ya kopo. Unga wa maziwa hayo, hata kopo likiwa jipya, unaweza kuwa na vijidudu. Unahitaji maji yasiyopungua nyuzi 70, yaani yaliyochemka na kuachwa yapoe si zaidi ya nusu saa, au yaliyomiminwa yakichemka kwenye chupa inayohifadhi joto vizuri. Yakishafikia kunyweka, yachemsheni upya. Anzeni na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kisha unga kwa kijiko chake kilichosawazishwa. Msiongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, mtoto atadhoofu. Poozeni kwa kutumbukiza kitako cha kikombe kwenye maji baridi, mdondoshee tone kifundoni mwa mkono wenu kwanza. Maziwa yanayobaki yamwagwe.

Nimesema kikombe kwa makusudi. Chuchu ya plastiki ina mikunjo inayoficha mabaki ya maziwa hata baada ya kuoshwa, lakini kikombe kilicho wazi huonekana chote kikisuguliwa kwa sabuni. Hata mtoto mchanga huweza kunywa kwa kikombe, akipewa taratibu.

Anayenyonya aendelee kunyonya, hata anapoharisha. Mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti, na mwulizeni mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya zinki. Macho yakizama, akishindwa kunywa au kinyesi kikiwa na damu, msisubiri kesho: mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo.