Ukichukua Jirani, Acha Kochi

Wakopeshaji wa vikundi wanapenda kutuambia kwamba mkopo wao hauna dhamana. Njoo tu na wenzako wanne, kitambulisho na namba ya simu. Lakini siku ya kutia sahihi, wengine wao wanakupa karatasi moja ya ziada yenye mistari mitupu: andika hapa TV, friji, kochi, mtungi wa gesi, na bei ya kila kitu. Wenzako wanne washakubali kwa maandishi kwamba ukishindwa watakulipia. Na bado kochi lako limeandikwa.

Huko ni kuchukua dhamana mara mbili kwa deni moja. Na shida yake si uchoyo peke yake. Mkopeshaji anayefanya hivyo anaharibu kifaa chenyewe anachodai kukitumia.

Tuanze na swali ambalo watu hawaulizi: benki inataka hati ya shamba ya nini? Si ati meneja anataka kulima. Hati inamfanyia kazi tatu. Kwanza, inamchujia watu, kwa sababu mwenye mpango wa kuhepa haweki shamba la babake mezani. Pili, inamlinda mkopaji asicheze na pesa akishaipata. Tatu, inamfanya alipe hata siku anapohisi kutolipa. Basi chochote kinachoweza kufanya kazi hizo tatu ni dhamana, hata kama hakina namba ya usajili. Jirani yako anaweza kuzifanya zote, na mbili za kwanza anazifanya vizuri kuliko shamba.

Chukua hiyo ya kuchuja. Mwaka 1981 wanauchumi Joseph Stiglitz na Andrew Weiss walionyesha kitu ambacho kila shailoki wa mtaani anakijua: benki isipoweza kuwatofautisha watu, ikipandisha riba inawafukuza waangalifu na kubaki na wacheza kamari. Mwangalifu anapiga hesabu na kuona biashara yake haibebi riba hiyo. Mcheza kamari haogopi, kwa sababu mambo yakiharibika hana nia ya kulipa. Stiglitz huyo huyo, ambaye akiwa kijana alifanya utafiti Nairobi, mwaka 1990 aliandika kuhusu majirani wanaochungana kwenye mikopo ya vikundi.

Sasa angalia kinachotokea ukiwaambia watu wachague wenyewe wa kudhaminiana nao. Tuseme tuko wawili wawili, na mmoja akianguka mwenzake analipa 10,000. Mwangalifu huanguka mara 1 kati ya 10. Mcheza kamari huanguka mara 5 kati ya 10. Mimi ni mwangalifu, kwa hivyo mara 9 kati ya 10 niko imara, na mdai atanikuta na kitu. Nikiungana na mcheza kamari, natarajia kumlipia kwa wastani 4,500. Nikiungana na mwangalifu mwenzangu, 900 tu. Tofauti ni 3,600.

Mcheza kamari naye angependa sana kuwa na mimi. Lakini yeye nusu ya wakati ameanguka mwenyewe, na aliyeanguka hadaiwi la mwenzake. Kwake, tofauti kati ya kuwa na mimi na kuwa na mcheza kamari mwenzake ni 2,000 peke yake. Hata akiniahidi pesa yote hiyo ili nimkubali, bado napata hasara ya 1,600. Nitamkataa. Kwa hivyo waangalifu wanaenda na waangalifu, na wale wengine wanabaki kuangaliana. Hakuna afisa aliyeuliza swali hata moja. Watu wamejichuja wenyewe kwa sababu pesa yao wenyewe iko hatarini.

Hiyo ndiyo sababu ya kile kikundi cha watu watano. Benki ya Grameen ya Bangladesh, iliyoanza na majaribio ya Muhammad Yunus katika kijiji cha Jobra mwaka 1976, iliwapanga wakopaji wake watano watano. Wawili walikopeshwa kwanza, wakionekana wanalipa wakafuata wawili wengine, na mwenyekiti akawa wa mwisho. Hapa kwetu mpango wa Juhudi wa K-Rep uliingia Kibera na mtindo huo huo: kikundi kidogo kikaitwa watano, na watano kadhaa wakakaa pamoja kwenye kiwa, yaani kikundi cha wanabiashara. Hati ya shamba haikuwepo kwa sababu shamba halikuwepo.

Kazi ya pili na ya tatu nimeziona kwa macho, kwa daftari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na shangazi yangu akaona kijana anayejua hesabu hawezi kukaa bure, akanifanya niwe mwandishi wa kikundi chao. Walikuwa watano, wote wanauza vitu kando ya barabara moja. Kila mmoja alikopa 30,000 na kupaswa kurudisha 33,000 kwa wiki 25. Hiyo ni 1,320 kwa wiki, 6,600 kwa kikundi kizima. Kabla ya kukopa, kila mmoja alikuwa ameweka akiba ya 6,000, na haikuguswa mpaka deni liishe.

Wiki ya tisa mama wa samaki hakuleta kitu. Mtoto wake alikuwa amelazwa. Afisa wa mikopo hakujua, na hangejua. Kwake huyo alikuwa jina lenye alama nyekundu. Lakini mama wa mitumba anaishi naye ploti moja, aliona mtoto akibebwa usiku. Basi wanne wakagawana ile 1,320, kila mmoja akatoa 330, na wakarudia hivyo wiki tatu. Alipopona mtoto, mama alirudisha polepole, pesa kidogo na omena kidogo. Wiki ya kumi na nne mwingine naye hakuleta kitu, akasema biashara ni mbaya. Huyo hawakumlipia. Walienda naye mpaka kibandani wakahesabu mzigo, wakamwambia auze chini ya bei mpaka ifike. Ilifika siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo unaona kwamba jirani ni dhamana bora kuliko kochi. Kochi haliwezi kutofautisha ugonjwa na ujanja. Dalali anabeba la mwenye mgonjwa na la mwongo kwa bei ile ile ya kutupa. Wale wanne walitofautisha, kwa sababu wanaona mambo ambayo hayafiki ofisini.

Lakini kifaa hiki kina mipaka, na mipaka yake inahesabika. Akikosa mmoja, wanne wanatoa 330 kila mmoja, na wanaweza kujikaza. Wakikosa wawili, waliobaki watatu wanatoa 880 kila mmoja, juu ya 1,320 yao. Wakikosa watatu, wawili waliobaki wanadaiwa 1,980 ya ziada kila mmoja. Deni la wenzao limekuwa kubwa kuliko lao. Hapo mtu mwenye akili timamu anajiuliza kama mkopo ujao una thamani ya mateso haya, na akiona hauna, anaacha kulipa hata deni lake mwenyewe ambalo angeliweza. Ndivyo kikundi kizima kinavyoanguka kwa siku moja. Dalili yake ni rahisi kuiona daftarini: mtu aliyekuwa analipa kamili wiki zote anaanza ghafla kuleta nusu.

Na watatu hawakosi kwa bahati mbaya tu. Kama wote wanauza barabara moja, tingatinga moja la kubomoa vibanda linawaangusha wote asubuhi moja. Majirani wanajuana kwa sababu wako karibu, na kwa sababu wako karibu wanaumia pamoja. Hakuna kikundi kinachoweza kujidhamini dhidi ya janga linalompata kila mwanachama.

Sasa rudi kwa yule mwenye karatasi ya kochi. Akishakuwa na orodha ya vitu vya nyumba, hana tena sababu ya kujali nani anakaa na nani. Mkopo wa kwanza ulipoisha, mmoja wa wale watano alirudi ushago. Wanne walitaka kuendelea wakiwa wanne. Mkopeshaji alikataa, akawaletea mtu wa tano kutoka orodha yake, mgeni ambaye hakuna aliyejua hata anakolala. Wiki ya sita mgeni alizima simu, akapotea. Nani alimchuja? Hakuna. Nani alimlipia? Wanne, huku wakikumbushwa vitu vyao vilivyoandikwa. Wakafungiwa mkutanoni mpaka jioni, hakuna kutoka mpaka pesa itimie. Kikundi kilinyang'anywa kazi ya kuchagua, kikaachiwa kazi ya kuteseka.

Wapo watakaosema basi tuache dhamana ya pamoja kabisa. Wana hoja. Grameen yenyewe ilibadilisha kanuni zake mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikarahisisha kupanga upya deni la aliyekwama. Na Ufilipino, watafiti Xavier Giné na Dean Karlan walifuatilia benki iliyoondoa dhamana ya pamoja kwenye vikundi vilivyokuwepo, kila mtu abebe lake. Ulipaji haukushuka. Lakini soma vizuri: vikundi viliendelea kukutana, na watu wake walikuwa wameshachaguana. Kuchuja kulikuwa kumefanyika, na macho ya majirani yalikuwa bado yapo. Mimi nasoma hapo kwamba kinachobeba uzito ni watu kujuana na kuonana kila wiki, na kwamba adhabu inaweza kupunguzwa bila nyumba kuanguka. Huo ni ushahidi dhidi ya karatasi ya kochi kuliko dhidi ya kikundi.

Basi masharti yangu ni matatu. Watu wachaguane wenyewe, na mwenzao akiondoka waruhusiwe kubaki wanne. Wajibu wa kumlipia mwenzako uwe na kikomo kinachotajwa mapema: kwenye kile kikundi cha shangazi, kikomo kingekuwa ile akiba ya 6,000, na ikiisha, hasara inayobaki ni ya mkopeshaji, ambaye riba anaipokea kwa kazi gani kama si kubeba hatari? Na janga likiwapata wote, deni lipangwe upya badala ya kuwagombanisha waliopoteza.

Mkopeshaji atakayesema hawezi kufanya biashara kwa masharti hayo, basi akopeshe kwa rehani ya vitu kama wenye duka la rehani, na aite hivyo. Akae na kila mtu peke yake, athamini kochi lake, abebe gharama ya kumjua na kumfuata mwenyewe. Lakini wale wanne awaache waende wakauze.