Wimbo wa Kinu wa Chidya na Swali la Bibi

Desemba iliyopita, nikiwa likizo Chidya, kijana mmoja wa chuo alinisikilizisha wimbo aliouandaa katika kompyuta yake. Ulikuwa wimbo wa kutwanga ambao bibi yake na wanawake wa rika lake huuimba kwa Kimakonde wakiwa kwenye kinu, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Kijana alikuwa ameuwekea kinanda, besi na biti ya mashine. Ulipendeza, nami nilimsifu. Kisha akaupeleka kwa bibi mwenyewe chini ya mkorosho. Bibi alipiga makofi mara nne au tano, makofi yakamwishia mikononi, akauliza: “Mjukuu wangu, sasa mimi niingilie wapi?”

Swali hilo limenifanya niandike, kwa sababu mjadala wetu juu ya nyimbo za jadi na muziki wa kisasa huendeshwa kwa maneno makubwa mno. Upande mmoja hulia kwamba roho ya wimbo imeuawa. Upande wa pili hujibu kwamba utamaduni haukai mahali pamoja. Hakuna anayetuambia hiyo roho inakaa wapi. Bibi alionyesha mahali penyewe: kuna nafasi aliyoizoea ya kuingia, na haikuwapo tena.

Tuliketi na kijana jioni ile tukausikiliza wimbo upya, kwanza kama alivyomrekodi bibi kwa simu, kisha kama alivyoupanga. Tulianza na mdundo. Wanawake wawili wanapotwanga katika kinu kimoja, michi hupokezana, na makofi ya wasimamao kando hugawa kila pigo katika sehemu tatu. Mapigo manne huzaa vipande kumi na viwili. Mashine ya biti, isipoelekezwa vingine, hugawa kila pigo katika sehemu nne, na hivyo vipande huwa kumi na sita. Kijana alikuwa ameyaingiza makofi kwa mkono, vizuri tu, halafu akabonyeza amri iitwayo `Quantize`, ambayo huvuta kila sauti kwenye mstari ulio karibu nayo. Sauti iliyokuwa kwenye theluthi ya pigo ikavutwa hadi kwenye robo. Kwa macho mchoro ulinyooka. Kwa sikio, mwendo wa kuyumba unaoufanya mwili uinuke na mchi ukageuka kuwa mwendo wa gwaride. Dawa yake haikuhitaji falsafa: katika programu hizo hizo mna gridi ya theluthi, nayo inaruhusu besi nzito na ngoma za kielektroniki kama kawaida. Usasa wa biti hautokani na kugawa kwa nne.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ni kodi. (Watumishi wa umma wasishtuke: wanamuziki huita hivyo sauti kadhaa zinazopigwa pamoja.) Kijana alidhani anauvisha utupu, kumbe wimbo ulikuwa na nguo zake. Wanawake wale hawaimbi sauti moja. Wa pili humfuata kiongozi kwa umbali wa sauti ya tatu, akipanda anapopanda na kushuka anaposhuka. Isitoshe, tatu yao si ya kinanda. Kinanda kina tatu kubwa, yenye senti 400 kwa kipimo cha wataalamu wa sauti, na tatu ndogo yenye senti 300. Iliyosikika kwenye rekodi ya simu ilikaa katikati ya hizo mbili, si ya furaha wala ya huzuni kwa maana tuliyofundishwa kanisani na shuleni. Kijana alipoweka kodi ndogo chini yake, wimbo wa watu wanaotaniana kazini ukawa maombolezo. Alipojaribu kodi kubwa, sauti ya bibi ikasikika kana kwamba imekosea. Bibi hakuwa amekosea. Kinanda kilikuwa kimemsahihisha bila kuombwa.

Nilimshauri aiondoe ile sauti ya tatu kwenye kodi zake zote pale wanawake wanapoimba, abakize sauti ya msingi na ya tano tu. Kodi ya namna hiyo huacha mlango wazi katikati, na sauti za watu huupita bila kugombana na chombo. Kodi zake mpya, alizozitafuta kwa bidii na ambazo kweli zilikuwa nzuri, azihamishie kwenye vipande visivyo na uimbaji, ambako hazimsahihishi mtu.

Hata hivyo swali la bibi lilikuwa bado halijajibiwa. Tuligundua jibu tulipohesabu. Katika rekodi ya simu, waitikiaji huingia kabla kiongozi hajamaliza neno lake la mwisho, na hapo ndipo mchi wa pili hushuka. Kijana aliona kupishana huko ni fujo, akakata sauti na kuzipanga: kiongozi amalize, kimya kidogo, kiitikio kije. Kodi zake nazo zilifunga sentensi kila baada ya mstari, kama nukta. Wimbo ambao haukuwa na mwisho, kwa kuwa nafaka ndiyo iliyoamua lini uishe, ukawa na miisho minane. Bibi alisubiri nafasi yake ndani ya neno la mwenzake, akakuta ukuta.

Sisemi kwamba wimbo ubaki kinuni. Wimbo wa taifa wa Kenya ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, ukapangwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki akiwamo Graham Hyslop. Leo unapigwa kwa matarumbeta, na bado Wapokomo wanatajwa kila asili yake inaposimuliwa. Umbali kati ya kitanda cha mtoto na uwanja wa gwaride ni mkubwa kuliko ule kati ya kinu na spika.

Hapo kwenye kutajwa ndipo nina ugomvi na wenzangu wanaosema nyimbo za jadi “hazina mwenyewe”. Ni kweli hakuna mtunzi anayejulikana ambaye miaka yake ya hakimiliki ihesabiwe. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuziacha kama mali iliyookotwa. Anayezitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, na sheria inataka chanzo kitajwe, kwa jina la jamii au la mahali. Sheria hiyo hiyo inaruhusu msanii kuazima kutoka katika jadi ili kutunga kazi yake mpya, na mpaka kati ya kuazima na kutumia haujanyooka, wanasheria wabishane. Ninachokijua ni kwamba mpangaji anamiliki alichoongeza: kodi zake, besi yake, mpangilio wake. Hamiliki alichokikuta kinuni. Kuandika “mtunzi” chini ya wimbo wa namna hiyo, kama nionavyo kila wiki mtandaoni, ni kudai na kinu pia.

Kijana aliandika: wimbo wa kutwanga wa Wamakonde wa Chidya, Masasi, mpangilio wake mwenyewe. Kisha akarudi kwa bibi na toleo la pili, lenye gridi ya theluthi, kodi zilizo wazi, na waitikiaji wakiingia ndani ya neno la kiongozi. Safari hii makofi hayakukatika, na mara ya tatu bibi akaitikia. Ulipokwisha akasema anausikia mchi mmoja tu. Kesho yake asubuhi tulikuwa uani na simu, tukisubiri jirani aje na mchi wake.