Simu Inayozimika Ikiwa na Asilimia 30 Haikupoteza Hesabu

Imeenea miongoni mwetu itikadi ya kwamba simu inayozimika ghafla ilhali kioo chake chaonyesha asilimia 30, khasa ikiwa imesasishwa karibuni, imepoteza hesabu tu, na kwamba dawa yake ni kuiacha ifike sifuri, kuijaza hadi 100, na kurudia vivyo hivyo mara kadhaa mpaka itengemae. Itikadi hii naikataa, wala siikatai kwa upole, kwa sababu huwapa watu kazi ya bure na, lililo baya zaidi, huzidi kuichakaza betri ile ile inayodaiwa kutibiwa.

Yafaa kwanza ijulikane namba ile hutoka wapi. Ndani ya simu hamna chombo kinachoichungulia betri kikaona kilichosalia; kuna saketi ndogo inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, na kila betri inapotulia hupima volti zake ili kuisahihisha hesabu hiyo, ambayo haikosi kupotoka kidogo kidogo. Asilimia 30, basi, ni makisio ya kiasi kilichomo. Haituambii kamwe betri yaweza kutoa nguvu kiasi gani kwa mara moja, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Betri ya lithiamu inapozeeka, ukinzani wa ndani yake huongezeka. Tuseme betri yenye asilimia 30 ina volti 3.75 ikiwa imetulia, na mwenye simu akafungua kamera, ikavuta ampea 2 kwa kitambo kidogo mno. Ikiwa betri ni mpya, yenye ukinzani wa omu 0.1, volti hushuka kwa 0.2 tu, zikabaki 3.55, na simu ikaendelea na kazi yake. Ikiwa imechakaa na ukinzani umefika omu 0.3, volti hushuka kwa 0.6, zikawa 3.15, na simu ambayo mpaka wake ni volti 3.3 haina hiari ila kuzimika papo hapo. Ni mfano wa tangi ambalo bomba lake limezibwa na kutu: maji yamo, bali ukifungua mifereji miwili kwa pamoja hupati ila matone.

Mtu atauliza, mbona basi haya yazuke baada ya kusasisha? Kwa sababu programu mpya, aghalabu katika siku zake za mwanzo, hupanga upya picha na mafaili huku simu ikionekana imelala, na huenda ikaifanyisha prosesa kazi kwa namna isiyozoewa. Betri iliyokuwa ikijikongoja kwa mzigo wa jana hushindwa na mzigo wa leo. Sisemi kwamba kampuni hazina taksiri. Lakini tazameni mambo ya iPhone. Mwaka 2016 simu za aina hiyo zililalamikiwa kwa kuzimika ghafla, na Januari 2017 kampuni ya Apple, katika toleo la iOS 10.2.1, ikaipunguza kasi ya prosesa katika simu zenye betri dhaifu ili zisivute umeme mwingi kwa mkupuo, jambo ambalo haikuwaeleza wateja waziwazi mpaka vipimo vya kasi vilivyotangazwa na John Poole, mtengenezaji wa programu ya kupimia kasi, mwezi Desemba mwaka huo huo vilipolifichua. Ikaomba radhi, na bei ya kubadilisha betri ikashushwa kutoka dola 79 hadi 29. Uficho ule ulikuwa wa aibu. Hata hivyo ni ithibati kwamba watengenezaji wenyewe, walipotaka kuzuia kuzimika, waliupunguza mzigo, na walipotaka kuwaridhisha watu, walibadilisha betri.

Kupotea kwa hesabu kupo kweli, na alama zake ni nyingine: namba huruka kutoka 40 hadi 25 simu ikiwa haifanyi kazi yoyote, au hukaa kwenye 1 saa nzima bila kuzimika. Hapo ijaze simu, iache kwenye chaja saa moja au mbili baada ya kufika 100, itumie mpaka chaji iwe kidogo sana, ipumzishe saa chache, kisha ijaze bila kukatiza. Mara moja yatosha.

Kuyapambanua mawili haya si muhali. Simu ikizimika kwenye 30, iunganishe na chaja, iwashe mara hiyo hiyo, uisome namba: ikirudi 28 au 30, chaji ilikuwamo na betri ndiyo dhaifu, ikisoma 2, kipimo ndicho kilichokosea. Na fundi akikushauri kuflashi simu kabla ya yote, mwambie aipime kwanza betri wakati inavuta umeme, kwani ikilala mezani hata iliyo mbovu huonyesha volti nzuri.