Saa ya babu yako: usiifungue

Katika nyumba nyingi za Likasi na Lubumbashi, bado kuko saa ya mukono iliyoachwa na babu, yule aliyefanya kazi ya kampuni zamani. Imelala ndani ya lata pamoja na vitambulisho na picha. Namba zake zilikuwa zinang'aa usiku, leo hazing'ae tena. Basi mutoto anataka kuifungua na kisu ili aone ndani muko nini. Hapo ndipo tunaomba watu wasimame kwanza.

Rangi ya namba zile ilikuwa na radiyumu. Na ile radiyumu, kwa sehemu kubwa, ilitoka kwetu. Mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaligunduliwa mwaka 1915. Union Minière iliyapeleka Ubelgiji, kwa kiwanda cha Olen, na kuanzia mwaka 1922 kiwanda kile kilitoa radiyumu ambayo ilishika soko la dunia. Waliichanganya na unga wa zinki na gundi, wakapaka namba na mishale ya saa. Mionzi ya radiyumu inapiga ule unga, na unga unatoa mwangaza. Saa haikuhitaji taa wala jua, iliwaka yenyewe.

Sasa, watu wengi wanasema: haiwake tena, basi nguvu imekwisha. Hapana. Kilichochoka ni ule unga wa zinki, juu ya kupigwa miaka mingi. Radiyumu yenyewe inahitaji miaka 1600 ili ipungue nusu. Saa iliyopakwa mwaka 1926, leo inabakia na zaidi ya sehemu 95 kati ya 100 za radiyumu yake. Giza la namba haliko ushahidi wa usalama.

Wale walioumia sana ni wanawake waliopaka saa katika viwanda vya Amerika. Walifundishwa kunyoosha ncha ya burashi na midomo, na kila mara walimeza kidogo. Mwili unaona radiyumu kama chokaa ya mifupa, unaiweka mule mule, na haitoke upesi. Meno yalianguka, taya likaoza, wengine walikufa. Katika New Jersey, wanawake watano walishitaki kampuni yao mwaka 1927, na mwaka uliofuata walilipwa.

Kwa hiyo hatari kubwa haiko kutazama saa, ni kuingiza ile rangi mwilini. Katika saa moja ya mukono, radiyumu mara nyingi haifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu. Kioo kikiwa kizima, kinazuia mionzi ile mizito. Mingine inapita, lakini inapungua sana ukienda mbali hatua moja au mbili. Saa nzima ndani ya lata haipashwe kuogopesha mutu. Ila usiivae kila siku, usilale nayo chini ya muto, na mutoto asiichezee. Tena inatoa gazi kidogo kidogo: ukiwa na nyingi, usizifungie katika chumba kidogo kisicho na dirisha.

Utaitambuaje? Tazama rangi ya namba na mishale: ya radiyumu imegeuka kahawia au manjano chafu, inapasuka na kuanguka kama muchanga. Pengine mushale uliosimama siku nyingi umeacha alama iliyoungua kwenye uso wa saa. Saa za kisasa zinawaka ukizionyesha taa, kisha zinafifia. Kuanzia miaka ya 1960 radiyumu iliachwa pole pole, na saa nyingi za Uswisi zikaandikwa herufi T chini ya namba 6: ile ni tritiyumu, ambayo ni hafifu zaidi. Lakini jibu la hakika linatoka kwa mashini ya kupima mionzi tu.

Tuseme kioo kimevunjika na unga umeanguka juu ya meza. Usipulize, usifagie: unga utapanda hewani na utauvuta. Toa watoto, fungua dirisha, vaa gla au sashe mikononi. Lowesha karatasi, panguza pole pole kuelekea katikati, kunja, chukua nyingine. Weka saa na karatasi zote ndani ya sashe, funga, tia ndani ya sashe ya pili, kisha katika kopo lenye kifuniko, na uandike juu yake. Nawa na sabuni kabla ya kula ao kuvuta sigara. Usitupe kopo ndani ya moto wala shimoni. Uliza watu wa CGEA ao CNPRI namna ya kulikabizi.

Na ninyi mafundi wa saa pale sokoni, mazoea ya kufungua saa na kupuliza vumbi na kinywa, kwa saa hizi, muyaache. Mukiona rangi ya kahawia inaanguka, rudishieni mwenyewe ikiwa imefungwa, na mumueleze sababu.