Lita ya Kwanza Ianzie Nyumbani: Wito kwa Wakazi wa Mbangala

Ndugu zangu wa Mbangala, na ninyi wa Mkwajuni, Saza hadi Tunduma, nawaandikia kuhusu saa chache tu: tangu mtu mmoja ndani ya nyumba aanze kuharisha maji hadi afike mbele ya mganga. Katika kipindupindu, mtu hupona au hufa ndani ya saa hizo. Na saa hizo haziko mikononi mwa daktari. Ziko mikononi mwa aliyelala chumba kimoja na mgonjwa.

Tumeyaona kwa jirani. Mlipuko uliowakumba wenzetu wa Zambia kuanzia Oktoba 2023 uliwapata watu zaidi ya 20,000 na kuua zaidi ya 700. Lusaka ndiko ulikouma zaidi, na wengi wa waliokufa hawakufia kwenye vitanda vya wagonjwa. Walifia nyumbani, au walifikishwa kituoni wakiwa wamekwisha kukata roho. Barabara inayotoka Lusaka inapita Nakonde, inaingia Tunduma, na malori yake yanasimama foleni mlangoni petu. Kwetu Tanzania nako mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa karibu nchi nzima ukadumu kwa miaka. Sisi tulio karibu na mpaka, wenye machimbo yanayovuta watu kutoka kila upande, tusiusubiri ugonjwa huu kama mgeni asiyejulikana.

Kwanza tuutambue. Kuhara kwa kawaida kunajulikana: tumbo linanyonga, kinyesi kina rangi na harufu ya kinyesi, pengine na homa. Kipindupindu kikali huanza ghafla, na mara nyingi tumbo haliumi sana. Safari ya kwanza au ya pili chooni kinyesi bado kina rangi. Baada ya hapo yanatoka maji meupe yenye ukungu, kama yale mama anayomwaga baada ya kuosha mchele, na ndani yake vinaelea vipande vidogo vyeupe vya ute. Hayanuki kama kinyesi. Wengine husema yana shombo ya samaki kwa mbali. Damu hakuna, na kwa mtu mzima homa huwa nadra. Kutapika hufuata, nako huwa ni maji matupu.

Maji hayo ni ya mwili wenyewe. Sumu ya kijidudu cha kipindupindu huufanya utumbo mwembamba umwage nje maji na chumvi ya damu bila kukoma, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kila saa. Ndiyo maana baba aliyelala mzima saa nne usiku anaweza kukutwa alfajiri macho yamezama, sauti imekwisha, vidole vimenyauka kama vya aliyefua kutwa, na ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama kabla ya kurudi. Mtoto hulia bila machozi. Mkojo hukatika. Ukiona mtu anasinzia ovyo au hawezi tena kunywa, jua amebakiwa na muda mfupi sana, naye anahitaji dripu haraka.

Sasa tufuate usiku mmoja. Tuseme ni saa nane usiku, na mama mwenye nyumba, mwenye kilo kama 60, amekwenda chooni mara tatu kwa mfululizo. Taa imeonyesha maji meupe. Zahanati iko mbali, na bodaboda bado hajapokea simu. Wengi wetu hapo tunangoja kukuche. Ninawaomba tuache kabisa kungoja kukuche.

Anayeamka kwanza anawe mikono kwa sabuni, kisha achanganye ORS. Pakiti nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita, kwa hiyo isomwe. Chupa mbili za maji za nusu lita zinatosha kupima lita moja. Maji yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya klorini. Kama pakiti hakuna, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya chai vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, visiwe vya kilima. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa kwa mtoto. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mchanganyiko ukimaliza saa 24, mwaga, tengeneza mwingine.

Kwa nini sukari? Kwa sababu hata utumbo uliopigwa na sumu bado unaweza kunyonya sukari, na sukari inapopita huvuta chumvi pamoja nayo, na chumvi huvuta maji. Maji matupu hayana nguvu hiyo, na soda au juisi yenye sukari nyingi huweza kuongeza kuhara. Jambo hili lilithibitishwa mahali pagumu. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa kambi ya Bangaon nchini India, dripu zilimwishia daktari Dilip Mahalanabis. Akachanganya chumvi, sukari na magadi kwenye mapipa, akawapa ndugu wa wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa takriban 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Waliofanya kazi ile hawakuwa wauguzi. Walikuwa akina mama, wajomba na kaka, watu kama sisi.

Mama yetu wa saa nane usiku, ikiwa ameanza kukaukiwa lakini bado anakunywa, anahitaji mililita 75 kwa kila kilo ya mwili wake ndani ya saa nne. Kwa kilo 60 hiyo ni lita nne na nusu, yaani zaidi ya lita moja kila saa. Kikombe kimoja kila baada ya nusu saa hakitoshi. Mtoto wa kilo 10 anahitaji robo tatu ya lita katika saa zilezile nne. Juu ya hapo, kila anapoharisha tena, aliye chini ya miaka miwili aongezewe robo hadi nusu kikombe, wa miaka miwili hadi tisa nusu kikombe hadi kikombe, na mkubwa anywe kadiri anavyotaka, angalau kikombe kimoja kilichojaa. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Atatapika. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kusema dawa inamkataa. Ngoja dakika kumi, kisha anza upya kwa kijiko, kimoja kila dakika moja au mbili. Sehemu kubwa ya anachokunywa inabaki hata kama anatapika. Usimpe vidonge vya kufunga tumbo. Antibiotiki ataamua mganga. Zinafupisha kuhara lakini hazirudishi maji. Asiyejitambua usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa; huyo ni wa kukimbizwa.

Na kunywesha nyumbani si badala ya kwenda kituoni. Ni safari moja. Chupa ya lita iende naye kwenye bodaboda au bajaji, na msindikizaji aendelee kumpa njiani. Simu ipigwe mapema kwa mhudumu wa afya wa jamii au zahanati, ili apokelewe mahali pa kumtenga na wengine.

Mgonjwa akishaondoka, nyumba huonekana imetulia. Hapo ndipo hatari ya pili inapoanza, na nadhani hapa ndipo tunapopoteza wengi bila kujua. Utafiti uliofanyika Bangladesh umeonyesha kwamba wanaoishi na mgonjwa huambukizwa zaidi ndani ya siku saba za mwanzo. Ugonjwa hujitokeza baada ya saa chache hadi siku tano. Wengine hawaumwi kabisa, lakini kinyesi chao kina vijidudu, na ndio watakaopika kesho.

Tazameni maji ya ndani. Kisima kinaweza kuwa salama na mtungi ukawa na vijidudu, kwa sababu mkono uliomsafisha mgonjwa ndio ulioshika kata na kuzama nayo. Wiki hiyo maji ya kunywa yatoke kwenye ndoo yenye koki, au yamiminwe kutoka kwenye dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko. Yachemke hadi yatokote, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukitumia vidonge vya klorini, fuata kipimo cha pakiti na usubiri nusu saa. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana tope hula klorini.

Mgonjwa akiwa bado nyumbani, mtu mmoja amhudumie, na mtu huyo asipikie wengine. Mgonjwa apewe ndoo yake, na ndani yake itangulizwe robo lita ya jiki isiyochanganywa. Baada ya kila matumizi ikae angalau dakika kumi kabla ya kumwagwa chooni, si mtoni wala kichakani. Sakafu, kitanda na kiti cha choo vifutwe kwa kipimo kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji. Soma asilimia kwenye lebo. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, hewa yake hudhuru. Pasipo jiki, chemsha nguo na shuka, zianike juani. Ninalosihi kwa uzito wote: shuka hizo zisifuliwe kisimani wala mtoni. Ikitokea mtu amefariki, maiti isioshwe kabla watu wa afya hawajafika. Najua uzito wa jambo hilo kwa wafiwa. Lakini matanga ambayo waosha maiti wanapakua chakula yanaweza kuleta misiba mingine.

Najua pia kwa nini watu huficha. Mama lishe anaogopa kibanda chake kufungwa, mchimbaji anaogopa kufukuzwa kambini, familia inaogopa kunyooshewa kidole. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya majirani iwe kupokea habari bila kulaumu. Nyumba iliyosema mapema ipelekewe maji na chakula kwa wiki ile, ili isilazimike kutoka kwenda kuyatafuta.

Ninaomba kila kitongoji kikae kikao wiki hii, kabla mgonjwa hajapatikana. Balozi wa kila nyumba kumi awe na pakiti kumi za ORS na chupa ya jiki kwake, na majirani wote wajue ziko wapi. Bodaboda wawili wajitolee majina na namba za simu kwa safari za usiku, na nauli itoke kwenye mfuko wa kitongoji, mgonjwa asidaiwe kwanza. Kambi za machimbo ziwe na choo na ndoo ya kunawia, na mwenye shimo awajibike. Kila nyumba iandike ukutani namba ya zahanati, ya mwenyekiti wa kitongoji, na 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Mtu akiharisha maji meupe, iwe saa nane usiku au mchana, ORS ichanganywe kwanza, na simu ipigwe wakati anakunywa.