Kabla ya kuondoa akaunti kwenye simu, fungua barua pepe kwenye wavuti

Kuna ushauri unaotolewa kuanzia saiba za Embu mjini hadi kwa mafundi wa simu pale Makutano, Meru, nami naupinga: "Barua imepotea? Ondoa akaunti uiweke upya." Mara nyingine unasaidia. Mara nyingine ndio unaoiua barua yenyewe. Rasimu iliyoandikwa bila mtandao, au barua iliyokwama kwenye `Outbox`, iko ndani ya simu hiyo tu. Ukiondoa akaunti, inakwenda nayo.

Chukua karani mmoja wa kiwanda cha kahawa karibu na Runyenjes. Alituma ankara kwa simu, mnunuzi akasema hajaiona, na kwenye kompyuta ya ofisi haikuwepo. Anwani yao ni ya kampuni, si ya Gmail, kwa hiyo tulifungua kivinjari, tukaandika jina la tovuti yao na `/webmail` mbele yake, tukaingia Roundcube. Folda ya `Sent` haikuwa na kitu.

Wengi huishia hapo. Sisi tuliingia `Settings`, kisha `Folders`, na hapo palikuwa na folda nyingine, `Sent Messages`, ambayo haijawekewa alama. Tulipoiwekea alama ilijitokeza pembeni, na ankara ikiwa ndani, na tarehe na saa yake. Simu ilikuwa imejitengenezea folda yake, huku kompyuta ikitazama ile ya `Sent`. (Nani aliamua kila programu ijipe majina yake, sijui, lakini angestahili kupanga foleni ya benki mwisho wa mwezi.)

Angalia pia kikasha kama kuna ujumbe wa `Mailer-Daemon`. Nakala kwenye folda ya zilizotumwa haithibitishi kwamba barua ilipokelewa. Huyu karani alikuwa nao: alikosea herufi moja ya anwani ya mnunuzi.

Kwa Gmail kazi ni rahisi, maana seva yenyewe huweka nakala ya kila barua inayopitia kwake. Ila utafutaji wa kawaida huruka `Spam` na `Trash`, kwa hiyo andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
in:anywhere to:mnunuzi@example.com after:2025/03/01
```

Usikawie, kwani kilichoko `Trash` hufutwa baada ya siku 30. Rasimu zitafute kwa `in:drafts`.

Na kama wavuti haina kitu? Tazama mipangilio ya programu kwenye kompyuta. Ukikuta POP, au namba ya mlango 110 au 995, basi programu hiyo haipeleki rasimu wala nakala za ulizotuma kwenye seva. Kama anwani ni ya kampuni kama ile ya Runyenjes, nakala pekee iko ndani ya mashine hiyo. Inakili kwanza, ndipo umruhusu fundi aiguse.