Mwanafunzi Asiyepewa Kazi Aandike Barua

Kila mwaka, masomo ya darasani yanapofungwa kati ya Mei na Juni, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vyetu vya Uganda hupelekwa katika karakana, viwanda na ofisi ili wajifunze kazi kwa mikono yao. Miongoni mwao wamo watoto wa askari jeshi na polisi, ambao karo yao imelipwa kwa mshahara wa mzazi anayelala lindoni. Baadhi yao hufika mahali walipopangiwa wakakuta kwamba hapana kazi. Wakirudi kambini na kueleza habari hiyo, wengi huambiwa: nyamaza, jaza daftari, wiki zitapita.

Kwa maoni yangu ushauri huo ni mbaya, na askari ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuukataa. Daftari la mafunzo ni sawa na kitabu cha matukio katika kituo cha polisi. Mwanafunzi huandika humo kila siku kazi aliyoifanya, msimamizi wa karakana hutia sahihi, na mwalimu wa chuo huja kulikagua na kumhoji mwanafunzi kabla ya kutoa alama. Anayeandika kazi ambayo haikufanyika ameandika uongo katika kumbukumbu. Mwalimu akimwuliza maswali mawili tu juu ya kazi hiyo, uongo utafichuka, na adhabu itamwangukia mwanafunzi peke yake.

Njia iliyo halali ni kuandika barua kwa chuo, kuomba kuhamishwa. Tuchukue mfano wa binti wa sajini, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika uhandisi wa umeme, aliyepangiwa wiki 10 katika karakana ya kutengeneza mota mjini Jinja. Aliripoti Jumatatu, tarehe 16 Juni. Siku ya kwanza alionyeshwa mahali na kuelezwa kanuni za usalama. Siku ya pili alisaidia kufungua mota ya pampu ya maji iliyoungua, lakini mwenyewe aliposikia gharama ya kuifunga waya mpya aliichukua akaenda kununua nyingine, kwa kuwa mota ndogo mara nyingi huwa rahisi kuinunua kuliko kuitengeneza. Siku 8 zilizofuata alifagia, akatumwa chai, akakaa. Mafundi wenyewe walikuwa wakikaa.

Hapo ndipo penye kipimo. Mwanafunzi asidhani kwamba kazi nyepesi au ya kuchosha si kazi. Kupanga majalada ya hesabu ni mafunzo kwa mwanafunzi wa uhasibu. Wala asilalamike katika siku za mwanzo, kwani kila mgeni huanza kwa kutazama. Lakini ikiwa wiki mbili zimekwisha, na mafundi walioajiriwa nao hawana la kufanya, tatizo haliko kwa mwanafunzi wala halitaondoka kwa uvumilivu.

Kabla ya kuandika, yampasa kwanza kumwendea msimamizi wake na kuomba kazi kwa heshima. Binti huyu aliomba apewe mota mbovu iliyotupwa, aifungue, ahesabu matundu ya waya na kuchora jinsi zilivyopangwa. Ombi kama hilo likikubaliwa, huenda barua isihitajiwe kabisa. Yeye aliambiwa kwamba vyuma chakavu vyote vilikwisha kuuzwa. Aliandika jibu hilo katika daftari lake pamoja na tarehe. Kisha akatafuta mahali pengine, akapata karakana yenye kazi iliyompa barua ya kumpokea. Hili ni jambo kubwa, kwa sababu chuo hukubali upesi zaidi ombi linalokuja na nafasi mkononi kuliko lile linalokiachia mzigo wa kutafuta.

Barua yenyewe kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, lakini sura yake ni hii:

“Kwa Mkuu wa Idara, kupitia kwa Mratibu wa Mafunzo ya Kazini. Kuhusu: Ombi la kuhamishwa mahali pa mafunzo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye namba ya usajili iliyoandikwa hapo juu. Niliripoti karakanani tarehe 16 Juni. Katika siku 10 za kazi, hadi tarehe 27 Juni, nimepata siku moja tu ya kazi inayohusu masomo yangu, kama nakala ya daftari langu inavyoonyesha. Tarehe 23 Juni nilimwomba msimamizi wangu kazi, naye akanieleza kwamba wateja wamepungua. Wamenipokea vizuri na sina ugomvi nao. Naambatanisha barua ya karakana nyingine iliyo tayari kunichukua. Naomba ruhusa ya kuanza huko tarehe 7 Julai, pamoja na barua mpya ya utambulisho. Kutoka tarehe hiyo hadi 22 Agosti zitabaki wiki 7. Naomba maelekezo juu ya wiki 3 zilizopungua. Nitaendelea kuripoti hapa nilipo mpaka nipate jibu lenu.”

Askari ataona mara moja kwamba hii ni taarifa, si kilio. Haimtukani mtu. Haisemi “hakuna kazi kabisa,” maana siku ile ya pampu ipo katika daftari, na neno moja lililozidi lingeifanya barua nzima itiliwe shaka. Inapita kwa mratibu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye orodha ya mahali alipo kila mwanafunzi na ndiye anayepanga safari za walimu wakaguzi. Wiki zilizopungua nazo zimetajwa waziwazi, kabla ya kuwa hoja ya kumnyima alama. Chuo kinaweza kuamuru wiki hizo zilipwe katika likizo inayofuata, au kikazisamehe kwa sababu kosa halikuwa lake.

Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo wengi huisahau. Mlinzi haachi lindo kabla hajapokewa. Mwanafunzi anayehama kabla ya ruhusa hubaki katika orodha ya zamani. Mwalimu husafiri hadi Jinja, hamkuti, naye huandika kwamba hakuhudhuria. Hapo hata kazi nzuri aliyoifanya kwingine inaweza isihesabiwe. Basi na akae, aandike kila siku ukweli wa siku hiyo, hata kama ukweli ni “leo hapakuwa na kazi,” na amwombe msimamizi atie sahihi kama kawaida.

Vyuo navyo vina wajibu. Barua inayokaa mezani wiki tatu ni sawa na barua iliyokataliwa, kwa sababu mafunzo yote ni wiki 10. Mratibu aweza kuithibitisha kwa simu moja kwa karakana na kutoa jibu katika siku chache. Na mahali palipokwisha kuonekana kwamba hapana kazi pasipangiwe wanafunzi wengine mwaka unaofuata bila kukaguliwa kwanza.

Kwa mzazi aliye kambini, jambo la kufanya ni dogo. Mwishoni mwa wiki ya pili, mwite mwanao umwambie akuonyeshe daftari. Ukikuta kurasa zimejaa, mwulize alitumia chombo gani na alipima nini. Ukikuta ni tupu, usimfundishe kuzijaza. Mpe karatasi, umwambie amwandikie mkuu wa idara.